Senti mbili kwenye ankara: VAT ya kila mstari na VAT ya jumla

*"Nina duka la jumla hapa Malindi na nauzia hoteli moja maji na vitu vya usafi. Ankara ya juzi ina mistari mitano, jumla Sh 12,600, VAT ikiwa ndani. Mfumo wangu umeandika VAT 1,737.95. Mhasibu wao ashikilia ni 1,737.93, na kompyuta yao ya manunuzi inatoa 1,737.94 na jumla ya 12,600.04. Wamezuia malipo. Nani amekosea, na nirekebishe vipi?"*

Ndugu yangu, usirekebishe chochote. Hoteli ikulipe Sh 12,600.00 kamili, na kwenye vitabu vyao waandike VAT ya 1,737.95 kama ilivyochapwa kwenye ankara yako. Wewe na mhasibu wao nyote mmepiga hesabu sawasawa, ila mmekata desimali mahali tofauti. Yenye kasoro ni ile kompyuta ya manunuzi, kwa sababu imezua deni la senti nne ambalo hamkuliagana.

Tuanze na ankara yenyewe. Bei ya kaunta ikiwa tayari ina VAT ya 16%, kodi iliyomo ni 16 juu ya 116 ya bei hiyo, yaani unazidisha kwa 4 na kugawa kwa 29. Safu ya tatu hapa chini ni jibu kabla ya kukadiriwa, na ya nne ni baada ya kukadiriwa hadi senti nzima.

| Bidhaa | Jumla ya mstari | VAT kabla ya kukadiria | VAT iliyoandikwa |
|---|---|---|---|
| Maji, katoni 12 × 380 | 4,560 | 628.9655 | 628.97 |
| Sabuni ya unga, mifuko 5 × 650 | 3,250 | 448.2759 | 448.28 |
| Karatasi za choo, mabunda 4 × 560 | 2,240 | 308.9655 | 308.97 |
| Dawa ya choo, chupa 5 × 270 | 1,350 | 186.2069 | 186.21 |
| Brashi, 8 × 150 | 1,200 | 165.5172 | 165.52 |

Jumlisha safu ya mwisho, utapata 1,737.95. Sasa chukua 12,600 yote kwa mkupuo, zidisha kwa 4, gawa kwa 29: utapata 1,737.9310, ambayo ni 1,737.93. Hizo ndizo senti mbili mnazogombania. Angalia safu ya tatu na ya nne kwa makini: mistari yote mitano imepanda juu kidogo ilipokadiriwa, hakuna hata mmoja ulioshuka. Kwa kawaida mingine hupanda na mingine hushuka, na tofauti hufutana zenyewe. Ankara hii imeangukia upande mmoja tu, basi vipande vya nusu senti vikakusanyika hadi vikafika karibu senti mbili.

Kuna mpaka ambao tofauti ya namna hii haiwezi kuuvuka. Mstari mmoja hauwezi kupotea kwa zaidi ya nusu senti, na ile jumla nayo ikikadiriwa ina nusu senti yake. Kwa mistari mitano mpaka ni senti tatu. Kwa mistari ishirini ni senti kumi na nusu, ingawa kwa vitendo mara nyingi utaona moja au mbili. Isipokuwa pale bei ile ile inapojirudia mstari baada ya mstari: hapo kosa huenda upande mmoja kila mara, halifutani, na ankara ndefu ya bidhaa moja inaweza kuukaribia ule mpaka.

Sasa hiyo kompyuta ya hoteli. Yenyewe haikuanza kwa kukadiria kodi ya mstari wala ya jumla. Ilikadiria bei ya kipande kimoja. Mtu aliyeingiza oda alitakiwa kuandika bei bila VAT, akagawa 380 kwa 1.16, akapata 327.5862, akaandika 327.59. Kosa la sehemu ndogo ya senti limeshaingia, na sasa linazidishwa kwa katoni kumi na mbili. Mstari wa maji ukawa 3,931.08 badala ya 3,931.03. Fanya hivyo kwa bidhaa zote tano na jumla bila VAT inakuwa 10,862.10, asilimia 16 yake ni 1,737.94, na ukiziunga unapata 12,600.04. Hapa ndipo watu wengi hupotea: wanabishana kuhusu mstari na jumla, kumbe tatizo kubwa liko kwenye bei ya kipande, maana hilo hukua kwa idadi ya vipande. Oda ya vipande mia tano inaweza kuleta tofauti ya shilingi mbili na zaidi bila mtu yeyote kuandika tarakimu isiyo sahihi.

Hoteli ina njia mbili za kujitibu. Ya kwanza na bora ni kuingiza oda kwa bei iliyokubaliwa, yenye VAT ndani, kama mfumo wao unaruhusu. Ya pili ni kuandika bei ya kipande kwa desimali nne, 327.5862, na kukadiria baada ya kuzidisha kwa idadi. Ukifanya hivyo kwa bidhaa zote, jumla bila VAT inarudi kuwa 10,862.05, ambayo ni 12,600 ukitoa 1,737.95 yako. Inaoana na ankara yako hadi senti ya mwisho.

Lakini hata hapo kuna mtego mmoja. Wakishapata 3,931.03 ya maji, wasiizidishe tena kwa 16%. Wakizidisha watapata 628.96, na 3,931.03 pamoja na 628.96 ni 4,559.99. Senti moja imeyeyuka. Bei ikiwa ni ya VAT ndani, kodi hutolewa kwenye bei nzima, kisha kiasi bila VAT hupatikana kwa kutoa tu. Ukikadiria mara mbili kwenye mstari mmoja, vile vipande viwili havitarudi kuwa bei uliyouza. Kwenye Excel, jumla ya mstari ikiwa safu ya D, VAT iwe E na kiasi bila VAT kiwe F:

```
E2:  =ROUND(D2*16/116,2)
F2:  =ROUND(D2-E2,2)
E7:  =SUM(E2:E6)
```

Hiyo `ROUND` isikosekane. Mhasibu akiandika `=D2*16/116` peke yake na kupanga seli ionyeshe desimali mbili, macho yataona 628.97, 448.28 na kadhalika, lakini ndani ya seli bado kuna 628.9655. Jumla ya chini itasema 1,737.93 wakati tarakimu zinazoonekana juu yake, ukizipiga kwa kikokotoo, zinatoa 1,737.95. Ikiwa karatasi ya mhasibu wa hoteli ina safu ya VAT ya kila mstari na bado inaishia 1,737.93, basi ndicho kilichompata. Mwambie abonyeze seli moja na kusoma fomula. Mabishano yataishia hapo.

Kati ya njia hizi, ipi ufuate? Kwa duka lililo kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, ningeshikilia ya mstari, na mfumo wako tayari unaifuata. Ankara inapotumwa KRA, kila mstari hubeba kiasi chake kinachotozwa kodi na kodi yake, kisha hufuata jumla za kila kundi la kodi. Ukikokotoa kodi kwa jumla ya ankara ilhali mistari imeshakadiriwa, mistari haitajumlika kuwa ile jumla. Atakayeisoma, awe mkaguzi au mteja, ataona hesabu isiyofunga. Njia ya jumla ina mantiki yake, kwa kuwa iko karibu zaidi na asilimia 16 halisi ya mauzo. Anayeing'ang'ania inambidi achukue ile tofauti, hapa senti mbili, aipunguze kwenye mstari wenye thamani kubwa, maji yawe 628.95, ili mistari na jumla zioane. Ni kazi ya ziada kwa faida ndogo sana. Jambo lisilofaa kabisa ni kubadilisha njia leo hivi kesho vile, au kutumia moja kwenye mashine ya kaunta na nyingine kwenye programu ya uhasibu.

Upande wa hoteli, ankara yako ndiyo hati yao ya kudai kodi ya manunuzi. Wakidai 1,737.93 au 1,737.94 huku wewe ukiwa umetangaza 1,737.95, wametengeneza tofauti kati ya rekodi mbili ambazo KRA inaweza kuzilinganisha. Basi mnunuzi huandika kodi iliyo kwenye ankara ya muuzaji. Hapigi yake upya. Kama oda yao imeshaingia kwa 10,862.10, hawana haja ya kuifuta. Waandike hivi: manunuzi 10,862.10 upande wa debiti, VAT ya manunuzi 1,737.95 debiti, deni la duka lako 12,600.00 krediti, na senti tano zilizobaki krediti kwenye akaunti ya tofauti za kukadiria. Akaunti hiyo iwe ya gharama au mapato madogomadogo. Isiwe ile ya VAT hata siku moja, kwa sababu salio la VAT lazima lilingane na ankara moja moja, na senti za kubandika humo ndizo zinazomkosesha mhasibu usingizi tarehe 20 ya kuwasilisha VAT inapokaribia.

Na ili malipo yasizuiwe tena, waweke kiwango cha uvumilivu kwenye mfumo wao. Kisiwe cha kubahatisha. Ikiwa bei za vipande zimekadiriwa bila VAT, zidisha idadi ya vipande kwa nusu senti, kisha kwa 1.16. Ankara hii ina vipande 34, hivyo mpaka ni karibu senti 20. Tofauti yao ni senti nne, imo ndani. Ikizidi mpaka, hapo wana haki ya kuuliza.

Maana si kila tofauti ni ya kukadiria, na mbaya zaidi ni ile iliyojificha nyuma ya kisingizio cha senti. Tofauti ikiwa ya shilingi, ilinganishe na VAT ya kila mstari. Ukikuta pengo ni 165.52, hizo ni brashi: upande mmoja umeziweka kwenye kundi la bidhaa zisizotozwa kodi. VAT ya upande mmoja ikiwa 2,016.00, igawe kwa 1,737.93 ya mhasibu uone: inatoka 1.16. Mtu amechukua 12,600 yenye kodi ndani akaizidisha kwa 16%, na hilo ni kosa kamili. Pengo likitokea tu kwenye ankara zenye punguzo, tazama kama punguzo limetolewa chini ya ankara bila kugawiwa mistari. Mfumo mmoja unatoza kodi kabla ya punguzo na mwingine baada yake.

Kisingizio kingine unachoweza kusikia ni kwamba programu moja hupandisha nusu senti na nyingine huipeleka kwenye tarakimu shufwa. Zipo programu zinazotofautiana hivyo, kweli. Lakini kwa VAT ya 16% haihusiki. Kiasi chochote kilichoandikwa kwa shilingi na senti nzima, ukitafuta 16% yake au 16 juu ya 116 yake, hakiangukii nusu senti kamili kamwe: njia ya kwanza hutoa sehemu za 25, ya pili sehemu za 29, na zote ni witiri, hazina nusu. Kwenye makato ya VAT ya 2% ambayo mawakala walioteuliwa na KRA huyashikilia, nusu kamili inawezekana. Asilimia 2 ya 10,862.25 ni 217.245, na hapo programu mbili zinaweza kuandika senti tofauti.

Kama huna hakika mfumo wako unafuata njia gani, huhitaji kumuuliza fundi. Fungua makadirio ya bei, si ankara, ili kisitumwe kitu KRA. Andika mistari kumi, kila mmoja kipande kimoja cha Sh 65, VAT ndani. Tumia majina tofauti ya bidhaa, kwa sababu mifumo mingine huunganisha mistari inayofanana na jaribio likaharibika. Jumla ni 650. VAT ikitoka 89.70, mfumo unakadiria kila mstari. Ikitoka 89.66, unakokotoa kwa jumla. Ikitoka 89.65 na jumla ikawa 649.95 badala ya 650, unakadiria bei ya kipande bila VAT, na huo usiuachie hivyo: tafuta mahali pa kuchagua kwamba bei zina kodi ndani, au ongeza desimali za bei. Mwombe mhasibu wa hoteli afanye jaribio hilo hilo kwenye mfumo wa manunuzi. Mkilinganisha majibu mtajua mapema ankara zenu zitapishana au la.

Iko pia namna ya kuiondoa tofauti hii yote kwa mteja mkubwa kama hoteli: kubalianeni bei bila VAT, kwa shilingi nzima. Asilimia 16 ya shilingi moja ni senti 16 kamili, hakuna mkia wa kukata. Katoni ya maji ikiwa Sh 328 kabla ya kodi, katoni 12 ni 3,936 na VAT ni 629.76 barabara, ukokotoe kwa kipande, kwa mstari au kwa jumla. Hata bei zenye senti 50 au 25 zinakubali. Utakacholipia ni kwamba jumla ya ankara itakuwa na senti, 4,565.76 kwa mstari huo, jambo ambalo kwa malipo ya benki halina neno. Kwa wateja wa kaunta endelea na bei za mviringo zenye VAT ndani. Huwezi kumdai mtu wa rejareja senti 48 za katoni ya 380.48. Na bidhaa za kupimwa kwa kilo, au zenye punguzo la asilimia, zitarudisha senti za mkia hata ukianza na shilingi nzima, kwa hiyo makubaliano ya kukokotoa kwa mstari yabaki palepale.

Mwisho wa mwezi tofauti hii huibuka tena mahali pengine. Ukichukua mauzo yote bila VAT ukazidisha kwa 16%, hutapata jumla ya VAT ya ankara zako. Kwa ankara hii peke yake, 16% ya 10,862.05 ni 1,737.93. Usiwinde senti hizo ankara kwa ankara. Hesabu mistari iliyouzwa mwezi huo, zidisha kwa nusu senti, kisha kwa 1.16: mistari 400 haiwezi kukuletea zaidi ya shilingi mbili na chenji kidogo. Pengo likiwa chini ya hapo, liandike kwenye karatasi ya ulinganisho na uendelee. Likiwa juu, kuna ankara iliyokosekana au bidhaa iliyo kwenye kundi lisilo lake.

Ankara iliyokwisha kutumwa eTIMS haifutwi wala kuhaririwa. Marekebisho hupitia kredit noti. Kwa senti mbili usiitoe, kwa sababu ankara yako haina kosa. Itoe bidhaa zikirudi, na hapo chunga jambo moja. Hoteli ikirudisha mabunda manne ya karatasi za choo kwa siku nne tofauti, bunda la Sh 560 lina VAT ya 77.24, na mara nne ni 308.96, wakati ankara ilitoza 308.97. Kredit noti ya nne isikokotolewe upya: ichukue kilichobaki kwenye mstari ule, 77.25, mstari ufungike kwa sifuri.